Ramadhani nzima na Buffer: foleni ya posti kumi na futari iliyotoka saa tano asubuhi

Kazi yangu ni kusimamia kurasa za biashara ndogo mtandaoni, na mteja ninayemzungumzia hapa ni bimkubwa mmoja mwenye mgahawa Zanzibar mjini. Ana akaunti tatu: Instagram, ukurasa wa Facebook na TikTok. Nilimwekea Buffer, zana ya kupanga posti mapema zitoke zenyewe saa uliyochagua, kwa kifurushi cha bure, "Free", kwa sababu kinaruhusu akaunti tatu na yeye anazo tatu hasa.

Hesabu ya akaunti huwachanganya watu wengi. Mtu anasema "nina biashara moja" akidhani atahesabiwa moja. Sivyo. Kila ukurasa ni akaunti yake, hata kama jina na picha ni zilezile. Siku bimkubwa alipotaka kuongeza ukurasa wa pili wa Facebook kwa ajili ya shughuli zake za kupikia maharusi, ilikuwa ama tutoe TikTok ama tulipe. Na status ya WhatsApp, ambako wateja wake wengi ndiko wanakoona chakula cha leo, haimo kabisa katika zana hizi. Hiyo bado anaiweka kwa mkono wake mwenyewe.

Kikomo cha foleni nilikielewa vibaya mwanzoni. Kifurushi cha bure kinaruhusu posti 10 zinazosubiri kwa kila akaunti. Nilidhani ni 10 kwa mwezi, kumbe ni 10 zilizomo kwenye foleni kwa wakati mmoja. Posti moja ikitoka, nafasi moja inafunguka, unaweka nyingine. Zipo zana nyingine zinazohesabu kwa mwezi, na hapo ukimaliza idadi yako tarehe 18 umemaliza, kwa hiyo soma vizuri neno lililotumika kabla hujajisajili. Miezi ya kawaida tulikuwa tunaposti siku moja na kupumzika moja, na foleni ya 10 ilitutosha siku 20. Sikuona sababu ya kulipa hata senti.

Ikaja Ramadhani. Bimkubwa alitaka posti mbili kila siku: moja ya futari, saa kumi na moja jioni, watu wakiwa njiani kurudi nyumbani, na moja ya daku, saa nne usiku. Piga hesabu: posti 60 kwa kila akaunti kwa siku 30, akaunti tatu, jumla 180. Foleni ya 10 ikawa inaisha kila siku ya tano. Picha zote tulizipiga mwishoni mwa Shaabani, maandishi yapo tayari, lakini hatuna pa kuyapakia. Usiku wa siku ya tano, baada ya tarawehe, ndipo nakaa kujaza tena foleni zote tatu. Mara mbili nililala, na kesho yake futari haikutangazwa.

Nikapanda "Essentials". Bei yake, ukilipa mwezi kwa mwezi, ilikuwa dola 6 kwa kila akaunti, kwa hiyo dola 18 kwa zote tatu. Kikomo cha 10 kikaondoka, nikapakia wiki zote zilizobaki kwa siku moja. Lakini kifurushi hicho ni cha mtumiaji mmoja, nami nina mdogo wangu anayenisaidia. Tulifanya kama wanavyofanya wengi: nikampa paswedi yangu.

Kosa lililofuata lilikuwa letu wenyewe, si la zana. Bimkubwa alibadilisha posti ya siku moja, akamwandikia mdogo wangu kwenye WhatsApp: "Ile ya mihogo ya nazi iende saa 11." Kijana alikuwa na haraka, akachagua 11:00 AM, na kwenye skrini hiyo ndiyo saa tano asubuhi. Basi watu wakiwa na saumu, jua kali, wanafungua simu wanakutana na mihogo ya nazi inayotoa moshi, sambusa na uji wa pilipili manga. Maoni ya kwanza yalisema, "Jamani, mnatujaribu imani?" Na kwa kuwa wote wawili tuliingia kwa jina langu, zana ilionyesha kuwa mimi ndiye niliyeiweka.

Hapo ndipo nilipoona maana ya kifurushi cha "Team", dola 12 kwa akaunti, yaani mara mbili ya kile cha katikati. Unachonunua pale ni watu na idhini. Unaongeza watumiaji, kila mmoja na paswedi yake, kisha kwa kila akaunti unachagua nani anaposti moja kwa moja na nani ni "Approval Required". Nilimweka mdogo wangu kwenye hiyo ya pili. Akimaliza posti inabaki rasimu mpaka mimi niikubali, na ninapoifungua naona picha, maandishi na saa yake pamoja. Saa ndiyo naisoma kwanza siku hizi.

Nilimwongeza na bimkubwa ili awe anakubali mwenyewe. Faida yake ilionekana siku ya pili, alipokamata bei ya sahani tuliyokuwa tumeiandika ya mwaka jana. Hasara yake ni kwamba rasimu isiyokubaliwa haitoki, hata saa yake ikifika. Bimkubwa akiwa jikoni saa tisa alasiri hashiki simu. Tukakubaliana: posti za kesho anazikubali leo usiku, na asipofanya hivyo nazikubali mimi. Bila mtu wa pili mwenye ruhusa ya kukubali, ningejirudisha kulekule kwenye futari isiyotangazwa.

Kuhusu takwimu, alipouliza, "Mwaka huu tumeonwa zaidi kuliko Ramadhani iliyopita?" sikuwa na jibu, na kupanda kifurushi hakukunisaidia. Kifurushi cha juu hukupa ripoti pana zaidi, lakini zana haiwezi kuonyesha ilichokuwa haijapewa. Instagram yenyewe huzipa zana za nje mwenendo wa ongezeko la wafuasi wa siku 30 za nyuma tu, na takwimu za stori hupatikana kwa saa 24. Mgahawa uliunganishwa baada ya Ramadhani ile kupita, basi kumbukumbu yake ni ya kuanzia hapo. Ningeiunganisha mapema, hata kwa bure, nisiposti chochote. Sasa kila mwisho wa mwezi napakua takwimu na kuziweka kwenye jedwali langu.

Jambo jingine dogo la kuangalia: akaunti ya Instagram iwe ya biashara au ya mbunifu. Ikiwa ya kawaida, zana haitaposti yenyewe, itakutumia kikumbusho kwenye simu ukaposti kwa mkono. Na mwenye ukurasa akibadilisha paswedi ya Facebook, muunganisho unakatika na posti zinakwama. Bimkubwa alibadilisha ya kwake siku mbili kabla ya Idi. Barua pepe ya onyo ilikuja kwangu, nikamwomba aunganishe upya kabla ya adhuhuri.

Baada ya Idi nilishuka kurudi "Essentials", dola 18. Mdogo wangu sasa ananiandalia picha na maandishi kwenye folda, nami napakia mwenyewe. Shaabani ijayo nitapanda tena "Team" kwa mwezi mmoja, na bimkubwa ameshasema hiyo dola 36 ataitoa yeye, mradi saa ziandikwe "jioni" au "asubuhi" mbele yake.