Intakomu iliyomeza silabi mbili: uzoefu wangu wa Bluetooth ndani ya helmeti

Mdogo wangu, akiwa mbele yangu kwenye pikipiki yake, alisema "Usipite!", na spika za intakomu, kifaa cha Bluetooth cha kuzungumzia tukiwa njiani, zikaniletea "pite" ndani ya helmeti yangu. Yeye alikuwa ameshalipita lori la mizigo, nami nilikuwa bado nyuma yake, nimeshusha gia na nimeanza kuchungulia barabara. Kilichoniokoa ni macho yangu, kwa sababu huwa siingii upande wa pili wa barabara kwa neno la mtu, hata akiwa ndugu yangu wa tumbo moja. Niliona pua ya basi ikichomoza kwenye kona, nikarudi nyuma ya lori haraka. Basi lile lilinipita likipiga honi kwa nguvu, na hata honi yenyewe niliisikia kama iliyofunikwa blanketi, maana wakati huohuo kifaa kilikuwa kikinitangazia masikioni, kwa sauti ya juu kabisa, kwamba mawasiliano yamekatika.

Siku nyingi zimepita tangu wakati huo na hasira bado ninayo. Sikasiriki kwa sababu kifaa kilikata mawasiliano, kwani kila chombo cha mawimbi hukata. Ninakasirika kwa sababu kabla ya kukata kilinipa nusu ya neno, na nusu hiyo ilikuwa na maana iliyo kinyume kabisa na neno zima. Nimetumia muda mwingi kutafuta jinsi silabi zile mbili zilivyopotea, na nimeona kwamba chanzo kilianzia mbali, siku tulipooanisha vifaa vyetu.

Changu na cha mdogo wangu ni vya kampuni mbili tofauti. Vifaa vya kampuni moja huzungumza kwa utaratibu wao wenyewe: unabonyeza kitufe cha intakomu kwenye vyote viwili mpaka taa ziwake kwa kupokezana, vinatafutana, na mara nyingi vikipotezana njiani hutafutana tena vyenyewe. Vya kampuni tofauti haviujui utaratibu wa wenzao, kwa hiyo hutumika hila. Kifaa kimoja hujifanya simu, na kingine hukipokea kama kinavyopokea simu ya kawaida. Hila hiyo hufanya kazi, ila muuzaji hakuniambia kwamba ina gharama zake. Nafasi ya simu ikishakaliwa na mwenzako, simu yako ya kweli hubanwa, na sauti ya ramani hunyamaza au humkata msemaji katikati ya sentensi. Mawasiliano yakikatika hayarudi yenyewe kwetu, bali mmoja lazima aondoe mkono kwenye usukani atafute kitufe huku pikipiki inakwenda. Kisha kuna ubora wa sauti. Njia ya simu ya Bluetooth ya namna ya zamani hupitisha sauti za hezi 300 hadi 3400 hivi, kama simu za mezani, na mlio wa "s" una sehemu yake kubwa juu ya hapo. Kwa hiyo "si" ya kukataza, ambayo ndiyo roho ya neno lile, inafika ikiwa imeshadhoofika hata siku ambayo hakuna upepo wala lori.

Maikrofoni ndiyo iliyomaliza kazi. Kifaa cha mdogo wangu kilikuwa kimewekwa katika hali ya kujifungua kwa sauti, yaani maikrofoni hukaa kimya ili isilete kelele za upepo, halafu hufunguka inaposikia mtu anazungumza. Inahitaji sehemu ya sekunde kutambua kwamba hicho ni kinywa na si upepo, na katika sehemu hiyo ya sekunde silabi moja au mbili za kwanza huwa zimeshapita. Mtu akisema "Kaka, kuna mchanga kwenye kona," kinachopotea ni "Ka" ya mwanzo, na ujumbe unafika salama. Lakini lugha yetu huweka ukanushaji mwanzoni mwa kitenzi: usipite, haiko, sioni, hatufiki. Kifaa kinachokata mwanzo wa neno kinakata pale penye "hapana". Waliotengeneza kifaa hiki sidhani kama walifikiria hilo, na mimi sikulisoma kwenye kijitabu chochote.

Baada ya tukio tulibadilisha mambo mawili, na hayo ninayasema kwa uhakika kwa sababu tumeyajaribu barabarani. Kwanza tulizima hali hiyo, tukaacha laini wazi muda wote, tukahakikisha sponji ya maikrofoni haijachanika na kwamba kijialama kinachoonyesha upande wa kusemea kinatazama mdomo na kiko karibu nao kiasi cha upana wa kidole. Upepo unasikika zaidi, betri inaisha mapema zaidi, lakini maneno yanafika mazima. Pili, tuliacha kutumia vitenzi vya kukataza tukiwa kwenye pikipiki. Badala ya "usipite" tunasema "Baki, baki, baki," na badala ya kuruhusu hatusemi lolote. Ukimya hauruhusu mtu kupita, na neno lililokatika haliwezi kugeuka ruhusa.

Sasa umbali. Boksi limeandikwa mita 1000, na sisemi kwamba ni uongo, kwa sababu namba hiyo hupimwa mahali palipo wazi, vifaa vikionana bila kizuizi. Sisi kwenye barabara iliyonyooka tuliongea vizuri mpaka kama mita 400, kisha sauti ikaanza kukwaruza. Kwenye kona zenye vilima hata mita 200 ilikuwa taabu. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapindi kona kwa urahisi, hunywewa na mwili wa binadamu kwa sababu ya maji tuliyo nayo, na hayapenyi bati.

Hapo ndipo lori linapoingia katika hesabu. Chukua lori linalopanda mlima kwa kilomita 40 kwa saa. Mwenzako amelipita na amerudi kwenye kilomita 80, wewe umebaki nyuma. Tofauti ni kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11 hivi kila sekunde, kwa hiyo katika nusu dakika ameshakuacha zaidi ya mita 300, na katikati yenu kuna sanduku refu la chuma. Hakuna wakati katika safari nzima ambapo intakomu inakuwa dhaifu kuliko huo, na hakuna wakati ambapo mtu ana hamu zaidi ya kumwuliza aliye mbele, "Njia ikoje?" Hata jibu likifika zima, limechelewa, kwa sababu basi linalokuja kwa kilomita 80 hutembea mita 22 kila sekunde na alichokiona mwenzako si unachokikuta wewe. Dalili ya kwamba mnakaribia ukingo wa umbali ni maneno kuanza kufika vipandevipande kabla ya tangazo la kukatika. Ukisikia hivyo, yasikilize kama kelele tu.

Nilirudi kwa muuzaji. Nilitaka ufafanuzi tu, sikutaka hata kurudishiwa fedha. Nilimweleza kwa utulivu, naye bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake akaniambia, "Kaka, boksi limeandika mita elfu moja. Mwambie mwenzako aongee kwa sauti." Nilimwuliza kama anajua kwamba vifaa vya kampuni mbili huoanishwa kwa hila ya simu. Akasema wateja wengine hawalalamiki. Nilitoka pale mwili unatetemeka. Mtu anauza chombo kinachowekwa kichwani mwa mtu aliye kwenye mwendo kasi, halafu jibu lake ni kwamba tupige kelele. Ukipiga kelele maikrofoni inalemewa na sauti inapasuka, jambo ambalo angelijua kama angekivaa mara moja tu.

Nimalizie na masikio, kwa sababu ile honi bado inanisumbua kuliko kila kitu. Kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa upepo ndani ya helmeti unaweza kufika desibeli 100 hivi, na kwa vipimo vya usalama kazini vya NIOSH ya Marekani kelele ya kiwango hicho haifai kuzidi dakika 15 kwa siku. Mpandaji asiyejua hilo huongeza sauti ya spika ili ishinde upepo, na sauti iliyoshinda upepo imeshashinda na honi, na king'ora, na matairi ya gari linalokuja ubavuni. Mimi nilivua sponji za mashavu za helmeti, nikapapasa kwa kidole mahali tundu la sikio linapokaa, nikakuta spika ziko nyuma na chini yake. Nilizisogeza kama upana wa kidole gumba mpaka zikatazamana na tundu lenyewe, na nikaweza kushusha sauti hatua kadhaa bila kupoteza neno hata moja. Kisha nikaanza kuvaa vizibo vya povu masikioni. Vinapunguza kila kitu, upepo na honi na spika, lakini upepo ukishashuka honi inajitokeza, na sikio halichoki. Kipimo changu ni mlio wa injini yangu mwenyewe: kama ninabadilisha gia na sisikii mlio ukibadilika kwa sababu mtu anazungumza, sauti iko juu mno na ninaishusha hapohapo. Muziki nimeuondoa kabisa.

Baada ya marekebisho hayo lazima niseme ukweli mwingine, hata kama unanipunguzia ukali. Kifaa hiki kimenionya juu ya mashimo, mafuta yaliyomwagika na ng'ombe waliolala barabarani, mahali ambapo ishara ya mkono ningeiona nimeshachelewa. Mdogo wangu aliposhikwa na usingizi jioni moja niliutambua uzito wa sauti yake kabla pikipiki yake haijaanza kuyumba, tukasimama. Kwa hayo nilikuwa tayari kutoa nyota nne, na nilipoanza kuandika nilikusudia moja.

Lakini nikikumbuka kwamba marekebisho yote yaliyokifanya kifaa kiwe salama niliyatafuta mwenyewe, na kwamba hali ya maikrofoni inayokata mwanzo wa neno ndiyo iliyokuwa imewashwa tangu kiwandani, nyota nne zinanikwama. Natoa mbili, na ya pili ni ya usingizi ule wa mdogo wangu. Mwenye kununua anunue vya kampuni moja kwa wote mnaosafiri pamoja, azime maikrofoni ya kujifungua yenyewe kabla ya kuwasha injini, na akimkuta muuzaji anayejibu kwa kusoma boksi, aende kwa mwingine.