TAHADHARI: Fundi anayepaka silikoni mpya juu ya kuukuu

Ndugu zangu wenye mabeseni ya kuogea na sinki za kunawia, kuna fundi anayezunguka akitangaza kwamba anaondoa weusi wa ukingoni "kwa saa moja tu, jioni unaoga". Jina lake silitaji, ila kazi yake naifahamu vizuri, maana mimi ni fundi wa vigae na baadhi ya wateja wake huishia kuniita. Naeleza anavyofanya ili mumtambue yeye na wengine wa namna hiyo.

Chukueni mfano wa kazi yake niliyoifumua karibuni. Beseni liko pembeni, ukuta pande mbili, na mkanda wa silikoni ni mweupe, umenyooka, unapendeza. Mwenye nyumba alilalamika kwamba dari ya chumba cha chini inaloa kila mtu akioga. Niliinua ncha ya mkanda kwa ukucha, nikavuta, ukaja wote bila ubishi. Chini yake nikakuta mkanda wa zamani bado upo, mweusi kwa kuvu, na kati ya hizo mbili maji yametuama.

Siri ni kwamba silikoni ikishakauka haishikwi na karibu kitu chochote, hata silikoni mwenzake. Ukipaka mpya juu ya kuukuu unapata mifuniko miwili iliyolaliana tu. Maji hupenya katikati, na kuvu iliyofunikwa inaendelea kula raha zake gizani hadi itokeze tena pembeni mwa mkanda mpya. Anayekuambia "hii mpya itaifunika ile" anakuuzia rangi, si kuzuia maji.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Nilipoukata mkanda ule kwa kisu, nje ulikuwa na ngozi lakini ndani ulivutika kama ulimbo, na wiki kadhaa zilishapita. Ingekuwa ni haraka tu ya kuoga mapema, muda huo ungetosha kukausha kilichobaki. Kwa hiyo nikaomba nione tyubu. Bahati nzuri aliiacha. Mahali pa tarehe ya mwisho wa matumizi pamekwanguliwa, na juu ya jina la bidhaa pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono "ya bafuni". Silikoni iliyokaa sana dukani hufanya hivyo hivyo: inatoka vizuri kwenye bunduki ya kukamulia, inang'aa, halafu haikomai kamwe. Tyubu nyingi hudumu kati ya mwaka 1 na mwaka 1 na nusu hivi tangu zitengenezwe, na zikihifadhiwa kwenye joto huharibika mapema. Ukiitilia shaka, kamua mstari mwembamba juu ya kipande cha kigae, uache hadi kesho yake. Ukibaki unanata, tupa tyubu nzima.

Na hiyo "ya bafuni" si maneno ya kupamba. Silikoni ya maeneo ya maji imechanganywa dawa ya kuzuia kuvu, ya kawaida haina. Soma tyubu yenyewe: itaje bafu au maeneo ya maji, na itaje ukinzani wa kuvu. Zilizopimwa kwa viwango vya Ulaya huandikwa `EN 15651-3`, pamoja na herufi `S` au `XS`, na hiyo `XS` ndiyo ya kutafuta kwa sababu inahusu ukinzani mkubwa zaidi wa kuvu. Wapo wanaouza ile ya matangi ya samaki wakisema ni bora kwa kuwa haina sumu. Ni kweli haina sumu, na ndiyo sababu haifai hapa, kwa kuwa dawa inayoua kuvu ingeua na samaki. Jihadhari pia na akriliki ya kuzibia nyufa za ukuta kabla ya rangi. Ina tyubu inayofanana kabisa, lakini hunywea ikikauka na haivumilii maji ya kila siku. Ukisoma kwamba inapakwa rangi juu yake na inasafishwa kwa maji ikiwa mbichi, hiyo ni akriliki.

Kama ukuta wako ni wa jiwe asilia, au kuna kioo cha kujitazamia karibu, kataa silikoni yenye harufu kali ya siki. Asidi inayotoka wakati inakauka hudhuru jiwe na mgongo wa kioo. Dai ile isiyo na asidi.

Sasa ile saa moja. Kuondoa mkanda wa zamani peke yake kunaweza kuizidi. Unakatwa kwa wembe pande zote mbili, upande wa ukuta na upande wa beseni, kisha unavutwa. Kinachobaki ni utando mwembamba usioonekana vizuri, na huo ndio unaoangusha kazi. Mafundi wavivu wanauacha kwa sababu hauonekani. Pitisha kidole: pakiwa na ulaini wa mpira, bado upo. Kuna dawa ya kulainishia silikoni, inapakwa, inaachwa kwa muda ulioandikwa, kisha unakwangua kwa kibao cha plastiki, si chuma, usije ukachora beseni. Malizia kwa kitambaa chenye spiriti.

Panapobaki kuvu, paka dawa ya klorini, suuza, na usiichanganye na siki wala kisafishio chochote cha asidi, maana hutoa gesi ya sumu. Baada ya hapo ufa wa kati ya beseni na ukuta uachwe wazi hadi ukauke kabisa. Mimi huuacha usiku kucha, kwa sababu unyevu uliojificha nyuma ya kigae hauonekani, na silikoni haishiki penye maji.

Kabla ya kupaka, beseni lijazwe maji. Hapa ndipo unapomjua fundi. Beseni likibeba maji na mtu hushuka kidogo na ufa hupanuka. Ukipaka likiwa tupu, mkanda utavutwa siku ya kwanza ya kuoga na kuachia ukutani. Maji yabaki humo hadi silikoni ikomae.

Na kukomaa kunaanzia nje kwenda ndani, kwa kunyonya unyevu wa hewa. Ngozi hutokea ndani ya dakika chache, ndiyo inayomdanganya mteja anayegusa na kuona pamekauka. Chini yake silikoni hukomaa kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa siku, na kwenye baridi au hewa kavu hata pungufu ya hapo. Mkanda mwembamba upewe saa 24 bila kuloweshwa. Ufa wenye kina cha milimita 6 upewe siku 2 au 3. Zipo zinazokomaa haraka, lakini hilo liandikwe kwenye tyubu, si litoke mdomoni mwa muuzaji.

Akija mlangoni kwako, mwombe tyubu kabla hajaitia kwenye bunduki, upige picha ya jina, tarehe na namba ya toleo. Muulize mkanda wa zamani atautoa kwa kifaa gani na beseni atalijaza saa ngapi. Yule ninayemzungumzia hubeba bunduki na tyubu tu. Wembe hana, kibao cha kukwangulia hana.