Milioni moja mkononi: REIT au fleti yako mwenyewe Nairobi?

Mwenye shilingi milioni moja anayetaka kuingia katika majengo jijini Nairobi ana njia tatu, nami nimezipanga kwa kutazama kinachobaki mfukoni baada ya gharama, kisha urahisi wa kuzipata fedha zake akizihitaji.

Ya mwisho ni kununua fleti kwa mkopo. Tuseme fleti inauzwa milioni 4 na kupangishwa kwa 30,000 kwa mwezi. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 160,000, na wakili pamoja na mthamini tuwakadirie 80,000, hivyo gharama inafika 4,240,000. Fleti ikikaa tupu mwezi mmoja tu, pango la mwaka ni 330,000. Toa kodi ya mapato ya pango, asilimia 7.5, ambayo ni 24,750. Toa ada ya huduma za jengo 36,000 na ukarabati 20,000. Zinabaki 249,250. Sasa mkopo wa 3,240,000 kwa riba ya asilimia 14 unadai riba ya takriban 453,600 mwaka wa kwanza, kwa hiyo mwenye nyumba ataongeza zaidi ya laki mbili kutoka kwenye mshahara wake kabla deni lenyewe halijapungua.

Ya pili ni kununua fleti hiyohiyo bila mkopo, kupitia chama. Faida inakuwa karibu asilimia 5.9 kwa mwaka. Tatizo huja mwanachama mmoja anapotaka kutoka, kwa kuwa chumba kimoja cha fleti hakiuzwi peke yake. Utaratibu wa kumlipa uandikwe kabla ya malipo ya kwanza.

Ya kwanza ni REIT, mfuko unaomiliki majengo na kuuza vipande. Ule wa kupangisha hutakiwa kugawa angalau asilimia 80 ya mapato yake halisi, na anayeshughulika na mabomba na wapangaji ni meneja. Hata hivyo, naiweka juu kwa shingo upande. Vipande vya Fahari, mfuko wa kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, viliuzwa kwa shilingi 20 mwaka 2015, vikashuka chini ya 10, na mfuko ulipojiandaa kuondoka sokoni, wawekezaji wadogo waliokubali kujitoa walilipwa 11. Jengo halikuporomoka, wanunuzi wa vipande ndio waliokuwa haba.

Kwa hiyo uliza kwanza kama mfuko unawapokea wawekezaji wa kawaida, maana mingine ni ya wawekezaji wa kitaalamu pekee. Kisha linganisha bei ya kipande na thamani ya mali kwa kila kipande katika ripoti ya mwaka, na uhesabu ni vipande vingapi vilivyouzwa mwezi uliopita. Vikiwa vichache kuliko unavyotaka kununua, weka humo fedha usizozihitaji kwa miaka mitano.