Kadi za harusi zilizomuua baba: nilivyoombwa radhi mara mbili

Hili ni duka la kuchapisha kadi, hapa hapa Dar es Salaam, na jina lake nitaliacha. Kazi zao ni safi: karatasi nzito, rangi haitoki mkononi, bei haitishi. Ninachotaka kueleza ni jinsi wanavyoomba radhi, maana nimeonja zao ndogo na kubwa.

Ndogo ilikuja kwa kadi za mchango. Zilichelewa, wakanitumia ujumbe: "Samahani dada, wino haujakauka, njoo kesho saa nne." Nilipokwenda kesho yake saa nne nikazikuta tayari. Kosa la namna hiyo halihitaji zaidi ya samahani moja, sababu, na saa ya kufuata mzigo. Wangeniandikia barua yenye mhuri kwa ajili ya wino, ningeanza kujiuliza wananificha nini.

Kubwa ilikuja kwa kadi za mwaliko wa harusi ya mdogo wangu. Mimi ndiye katibu wa kamati, oda nikaiweka mimi. Zilifika zimefungwa kwenye bahasha, zikaanza kugawiwa, na jioni simu zikaanza: "Poleni jamani, mbona hamkutuambia?" Kwenye kadi, mbele ya jina la baba yetu, paliandikwa "Marehemu". Mzee mwenyewe alikuwa sebuleni anakunywa chai. Simu moja aliipokea yeye.

Nilipompigia meneja, neno lake la kwanza lilikuwa "Pole sana dada." Pole humfaa jirani aliyesikia habari. Mtu aliyesababisha jambo akikupa pole, anajisogeza kwenye kundi la waliokuja kukufariji, na siku ile tulishapewa pole za kutosha na watu wasio na hatia.

Kisha ukaja ujumbe wa maandishi: "Ndugu mteja, tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza kuhusu oda yako." Upime polepole. "Tunasikitika" hutumika pia kutangaza msiba, kwa hiyo kwetu lilikuwa kama tangazo la pili la kifo kilekile. "Usumbufu" ni foleni au kukatika kwa maji. "Wowote" linaacha shaka kama kuna kilichotokea. Na "uliojitokeza" ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linasema jambo lilijileta lenyewe, kama uyoga baada ya mvua.

Niliwajibu kwa mstari mmoja: mliyemkosea si mimi niliyelipia, ni mzee.

Hapo nawapa sifa. Meneja alikuja nyumbani na mtu mzima mmoja kutoka ofisini kwao, akamwamkia mzee, akamkabidhi barua iliyoandikwa kwa jina lake, na "Mzee" mbele ya jina. Kichwa kilisomeka: "YAH: KUOMBA RADHI KWA KUANDIKA KWAMBA UMEFARIKI". Kosa lilitajwa kwa jina lake pale juu kabisa. Aya ya kwanza ilisema: "Kosa ni letu. Dizaina wetu alitumia kadi ya mteja mwingine kama kiolezo, akabadilisha majina, neno 'Marehemu' likabaki. Tulichapa bila kuwaletea sampuli muikague. Tunakuomba radhi wewe na familia yako, na tunaomba mtusamehe."

"Tunaomba radhi" nalo limechakaa; redio hulitumia matangazo yakikatika. Lilipata uzito hapa kwa sababu lilitanguliwa na "kosa ni letu", na kila kitenzi kilikuwa na mtendaji: alitumia, tulichapa. Msamaha waliuomba mwishoni, baada ya kukiri, nao waliuacha mikononi mwa mzee. Fidia iliwekwa kwenye aya yake ya pekee: kadi zote zichapwe upya bure, fedha zetu zirudi, na wao wabebe gharama ya kuwapelekea kadi mpya waliokwisha kupata zile za kwanza. Ingechanganywa na maneno ya radhi, ingesomeka kama wananunua msamaha.

Kuna sentensi moja ningeifuta: "Tunaamini tukio hili halitaathiri ushirikiano wetu." Mzee alikuwa bado hajajibu kitu, wao wameshaamini. Na "kosa" la aya ya kwanza limegeuka "tukio" huku chini, ishara kwamba mstari ule ulitolewa kwenye barua yao ya kawaida.

Mzee aliisoma yote, akavua miwani, akawaambia yameisha, ila hizo kadi mpya angependa kuziona kabla hazijachapwa. Sampuli ikaletwa, akaikagua herufi kwa herufi, akakuta jina la ukumbi limekosewa. Kwa hilo walisema samahani, wakarekebisha palepale.

Kwa uchapaji nawapa nyota nne kati ya tano. Ukienda kwao, dai sampuli kabla ya kulipa.