Tulifunga mwaka, amana zetu zikazama (uzoefu wangu)

Huu mfumo wa uhasibu umenitoa jasho, na aliyenichosha zaidi ni yule kijana wao wa simu.

Sisi tuko Moi Avenue, kazi yetu kutoa mizigo bandarini. Kontena likitoka, mwenye meli hushika amana mpaka tulirudishe tupu. Hiyo si gharama, ni pesa yetu imeshikwa tu. Lakini waliotuwekea mfumo waliifungulia akaunti ya aina ya gharama. Mwaka mzima hatukusumbuka, kwa sababu kwenye leja salio lilionekana sawa.

Tulipofunga mwaka ndipo mambo yakaharibika. Mfumo hurudisha sufuri akaunti zote za mapato na gharama, tofauti ukaitia kwenye faida limbikizi. Zinazovuka na masalio yake ni akaunti za mizania peke yake. Basi 1,840,000 za amana zikazama huko, na Januari akaunti ikafunguka bila kitu. Faida ya 3,100,000 ikasoma 1,260,000.

Na urari ulilingana! Utakosaje kulingana, na amana zimepungua upande huu, faida limbikizi ikapungua kiasi kile kile upande wa pili? Nilishtuka mwenye meli aliporudisha 120,000: akaunti ikasoma hasi 120,000. Amana gani hiyo inakuwa hasi?

Nikapiga simu. "Dada, urari umelingana, sasa wataka nini tena?" Nikamweleza pole pole. Akanikata: "Andika jarida, debiti amana, krediti faida limbikizi, yaishe."

Yaishe vipi? Hilo lingeniwekea sawa salio la kuanzia tu. Taarifa ya mwaka uliopita ingebaki na gharama ya uongo, na hiyo ndiyo tunayopeleka KRA kabla ya Juni kwisha. Tena akaunti ingebaki ya gharama, Desemba ijayo imezwe upya.

Baadaye nikapewa mama mmoja wa ofisi yao, mtu mwenye adabu. Akafuta ingizo la kufunga mwaka, akafungua Desemba. Aina ya akaunti ilikataa kubadilishwa kwa kuwa ina miamala, kwa hiyo tukafungua mpya chini ya mali za muda mfupi, tukahamisha salio kwa jarida la tarehe 31 Desemba, na zile 120,000 za Januari tukazihamishia huko huko. Tukafunga tena. Faida ikarudi 3,100,000, na amana zikasoma 1,720,000, sawa na risiti nilizoshika mkononi.

Kwa haki, mfumo wenyewe ulifanya ulivyoagizwa, na kule kukubali kufunguliwa tena kumetuokoa. Nilikuwa nishaandika nyota nne hapa.

Halafu ankara yao ikaingia: "huduma ya ziada, marekebisho ya mwaka." Kosa walitie wao, tulipe sisi! Nyota moja, na hiyo ni ya yule mama.