"Niko tayari kuhamia" au "Naweza kuanza Mwanza tarehe 6 Oktoba"?

Mhasibu wa Dar anaomba kazi Mwanza. Barua pepe ya kwanza inasema: "Niko tayari kufanya kazi popote." Mwajiri amesoma hilo mara nyingi, na bado hajui utafika lini wala kama utamwomba nyumba.

Ya pili: "Nitahamia Mwanza kwa gharama zangu. Nikipata barua ya ajira ifikapo tarehe 1 Septemba, nitaanza kazi tarehe 6 Oktoba. Mwezi wa kwanza nitakaa kwa shangazi yangu Nyegezi huku nikitafuta chumba."

Hizo wiki tano hazikuokotwa. Anayelipwa kwa mwezi Tanzania hutoa notisi isiyopungua siku 28, hivyo anaondoka tarehe 29 Septemba na kubaki na wiki moja ya safari na mizigo. Angeahidi wiki mbili, msomaji makini angejiuliza kama atamtoroka mwajiri wake wa sasa.

Shangazi naye ana kazi yake: wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, kabla ya mshahara wa kwanza. Ila kama huna ndugu huko, usimbuni, andika gesti.

Mimi ningechagua ya pili, isipokuwa tangazo linapoahidi posho ya uhamisho. Hapo futa "kwa gharama zangu".