Programu ya kusoma risiti kwa simu: ilivyonisomea 8 kuwa 3

Miezi minne sasa natumia programu ya simu inayosoma tarakimu kwenye picha za risiti na ankara na kuzipanga kwenye jedwali. Wiki ya kwanza nilitaka kuifuta. Ankara moja ilikuwa na mistari mitatu: 12,400, 8,350 na 6,900, na jumla iliyochapishwa chini ni 27,650. Nilipojumlisha ilichoandika programu nikapata 22,650. Tofauti ya 5,000 kamili ilinionyesha pa kutazama: tarakimu moja tu kwenye safu ya maelfu. Nikaikuza picha. Mng'ao wa taa ya darini ulikuwa umeufuta upande wa kushoto wa 8, ikabaki 3.

Karatasi laini hurudisha mwanga kama kioo. Taa ikiwa juu ya kichwa chako, na simu nayo iko juu ya karatasi, mwanga unarudi moja kwa moja kwenye lenzi. Flashi ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa imekaa kando ya lenzi yenyewe. Siku hizi naizima, naweka karatasi mezani karibu na dirisha ili mwanga uingie kwa ubavuni, kisha nashika simu sambamba na karatasi, juu kabisa ya katikati yake. Ukiinamisha simu ili kuukwepa mng'ao, mistari ya mbali inakuwa midogo na myembamba, na hapo 1 na 7 zinaanza kufanana. Ni afadhali uisogeze karatasi. Mikunjo pia uinyooshe kwanza, maana mwanga wa ubavuni huipa kivuli, na kivuli hicho kikipita juu ya tarakimu huonekana kama mstari wa wino.

Kuhusu ukubwa wa picha, kamera ya megapikseli 12 inatoa picha yenye pikseli 4000 kwa 3000 hivi. A4 ina urefu wa milimita 297, kwa hiyo ikijaza picha unapata pikseli 13 kwa kila milimita, na tarakimu ya milimita 2 inapata kama 26. Hapo programu inasoma bila shida. Lakini mwenzangu alinitumia picha kwa ujumbe wa simu, ikapunguzwa njiani hadi pikseli 1600 kwa upande mrefu. Tarakimu ileile ikabaki na 11 tu, na nukta ya desimali ikayeyuka: 45.50 ikasomwa 4550. Sasa namwomba aitume kama faili, siyo kama picha.

Programu yenyewe naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu haikulinganisha mistari na jumla iliyo mbele yake. Hesabu hiyo bado naifanya mwenyewe kwa kila ankara. Risiti za karatasi ya joto zilizokwisha kufifia naziandika kwa mkono, kwani maandishi yasiyokuwepo hakuna mwanga utakaoyarudisha.